Usipange TMS kwa shoti ya transfoma ya mwisho

> "Chuo chetu kiko hapa Uganda, fida ya 11 kV isiyo na mzunguko, relei mbili mfululizo, zote `IEC SI`. B inaanza 120 A, TMS 0.10. A ya mapokezi inaanza 240 A, TMS 0.11. Nimepiga hesabu kwa shoti ya upande wa chini wa transfoma ya mwisho, nikapata mwanya wa sekunde 0.4. Iko sawa?"

Kaka, toa hiyo 0.11 leo, kabla hujala.

Nimeshtuka kwa sababu namba zako ni zangu kabisa. Niliziweka kwenye chuo kimoja upande wa Mbale, nikala chapati na mayai nikijisifu. Miezi minne baadaye mvua ikanyesha usiku, kichwa cha kebo kikapasuka mita chache tu baada ya swichi ya B. B ikakata vizuri. Na A nayo ikakata. Chuo kizima giza: hosteli, pampu ya maji, jiko, na friji za maabara ambazo jenereta yake ilikuwa haina dizeli. Sampuli za mwaka mzima za wanafunzi wa uzamili zikayeyuka. Asubuhi nikaitwa ofisini, na kiti sikupewa.

Aliyenipa zile namba ni konsalta mwenye shati la mikono mirefu na jedwali lenye rangi tatu. Aliniambia, "Chukua shoti ya mwisho wa laini, ndiyo ya hatari." Mimi nikaitikia kama kwaya. Huyo mtu alilipwa, mimi nikalipia.

Tazama hesabu yenyewe. Mkunjo wa kawaida, ndiyo hiyo SI, ni huu; I ni mkondo wa shoti, Is ni kiwango ambacho relei inaanzia, TMS ni kizidishi cha muda:

```
t = TMS × 0.14 / ((I/Is)^0.02 − 1)
```

Shoti kwenye basbaa ya volti 415 ya transfoma ya 630 kVA yenye impidansi ya asilimia 4 huonekana upande wa 11 kV kama 600 A hivi. Hapo B inaona mara 5 ya kiwango chake, inakata kwa sekunde 0.43. A inaona mara 2.5 tu, inasubiri mpaka 0.83. Mwanya 0.4, kila mtu anacheka.

Sasa sogeza shoti iwe pale pale kwenye swichi ya B, upande wa 11 kV. Kwangu ilikuwa 2400 A. B inaona mara 20, inakata kwa 0.23. A inaona mara 10, inakata kwa 0.33. Mwanya wako umebaki sekunde 0.1! Breka ya B peke yake inahitaji kama 0.08 kufungua na kuzima cheche. Kilichobaki ni 0.02, na hicho kinaliwa na makosa madogo ya transfoma za mkondo na ya relei zenyewe. Mikunjo hii miwili husogeleana kadiri mkondo unavyopanda, ndiyo maana mwanya mzuri kwenye 600 A haukuambii lolote kuhusu 2400 A.

Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye shoti kubwa kuliko zote ambayo A na B wanaiona pamoja, yaani ya awamu tatu mlangoni mwa B, gridi ikiwa na nguvu zake zote. B ni 0.23, ongeza 0.4, unataka A ikate kwa 0.63. Kwa mara 10, TMS ya 1 inatoa 2.97, basi 0.63 gawanya kwa 2.97 ni 0.21 na kidogo. Pandisha iwe 0.22. A sasa inakata kwa 0.65. Kwenye ile 600 A mwanya unakuwa mrefu, zaidi ya sekunde moja, lakini huko B ndiye mwenye kazi, A ni mlinzi wa akiba. Acha asinzie.

Kama A na B wameshawahi kukata pamoja kwa shoti moja, fungua kumbukumbu za matukio kwenye relei zote mbili. Usilinganishe saa zao, huwa hazikubaliani. Tazama muda wa kukata ulioandikwa na kila relei. Mimi nilikuta 0.23 na 0.33, kama jedwali lilivyotabiri, ila hakuna aliyeisoma safu hiyo.

Kinachonitia wasiwasi ni kilicho juu ya A, upande wa gridi. Ukimpandisha A, relei ya kampuni ya umeme, UEDCL, iliyo nyuma yake nayo lazima ichelewe zaidi ya 0.65 kwa shoti ile ile, la sivyo umehamisha giza tu, na safari hii utazima na majirani. Waandikie, waombe kiwango cha shoti pale mapokezi pamoja na namba za relei yao. Usikubali "ni kawaida tu" kwa simu. Ukipata namba tofauti na 2400, iandike hapa tuipige upya, maana hiyo 0.22 ni ya Mbale.