Nimempa, lakini nimempa nini? Shida yetu Waswahili na "glielo"

Nilianza kazi ya mapokezi kwenye hoteli ndogo ya Mtaliano, hapa Malindi, nikiwa na Kitaliano cha ufukweni: salamu, bei na mzaha kidogo. Wiki ya pili bosi, mama wa makamo, akanipigia simu: "Hai dato le chiavi al giardiniere?" Yaani, umempa mtunza bustani funguo? Nikajibu bila wasiwasi, "Sì, gli ho dato." Kimya. Kisha akauliza, "Gli hai dato cosa?" Umempa nini? Nikadhani simu inakatakata, nikarudia maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi.

Simu ilikuwa nzima. Kiswahili ndicho kilichoniponza. Sisi ukiulizwa "umempa funguo?" unajibu "nimempa" na mambo yamekwisha. Kitenzi chetu kina nafasi moja tu ya yambwa, na kwenye "kupa" nafasi hiyo anaichukua mtu. Hakuna anayesema "nimezimpa". Funguo zinabaki hewani, kila mtu anazielewa. Mtaliano hazielewi. Kwake "gli ho dato" ni kama mtu aliyeanza kusema akapaliwa na mate. Lazima vyote viwili vitajwe, mtu na kitu: "gliele ho date".

Kwa hiyo kabla ya kukariri jedwali lolote, jizoeze kujiuliza swali hili moja kila unapotaka kusema nimempa, nimemwambia, nitakuletea: nini? Jibu la swali hilo ndilo "lo", "la", "li" au "le". "Lo" ni kitu kimoja cha kiume, "la" kimoja cha kike, "li" na "le" ni wingi wake. Msemaji wa Kiswahili asitishwe na hili. Tumezoea ki-, vi-, i- na zi- tangu utotoni. Wao wana ngeli nne tu za kuhangaikia.

Mpangilio ni huu: mtu kwanza, kitu baadaye. Na mtu akitangulia, irabu yake inabadilika. "Mi" inakuwa "me", "ti" inakuwa "te", "ci" inakuwa "ce", "vi" inakuwa "ve". Ndiyo maana ni "me lo dai" (unanipa hicho), "te la porto" (nakuletea hiyo), na wala si "mi lo" au "ti la". Ukimtaja mtu wa tatu, maneno mawili yanashikana kuwa moja: glielo, gliela, glieli, gliele.

Hapa nilipoteza muda bure. Nilijua "gli" ni kwa mwanamume na "le" ni kwa mwanamke, basi nikawa natunga "le lo" kwa ajili ya kina mama. Hakuna kitu kama hicho. "Glielo" ni ya baba, ya mama, na katika mazungumzo ni ya wengi pia. Ifikirie kama -m- yetu: "nimempa" haikuambii kama aliyepewa ni Amina au Juma. Sehemu ya "glie" haijali jinsia ya mtu. Ni "lo" au "la" ya mwisho inayojali, na inajali jinsia ya kitu.

Turudi kwenye funguo zangu. Kwa nini ni "date" na si "dato"? Kwa sababu kitu kikitangulia kwa sura ya lo, la, li au le, mwisho wa kitenzi cha wakati uliopita unafuatana nacho. Funguo nyingi ni "le chiavi", basi "gliele ho date". Ufunguo mmoja ni "la chiave": "gliel'ho data". Fedha ni "i soldi": "glieli ho dati". Bili ni "il conto": "gliel'ho dato". Ona kwamba "lo" na "la" zinamezwa mbele ya "ho", kwa hiyo sikio linategemea "dato" au "data" kujua kitu gani kinazungumzwa. "Li" na "le" hazimezwi.

Sasa, viwakilishi hivi vikae wapi? Kitenzi kikiwa kimeshikana na nafsi na wakati, vinatangulia: "glielo porto", nampelekea. Kitenzi kikiwa hakijabeba nafsi, kama "kuleta", vinaning'inia nyuma na "e" ya mwisho inadondoka: portare, kisha portarglielo. Amri ya kumwambia mtu wa karibu nayo inaning'iniza nyuma: "portamelo", niletee hicho. Pakiwa na kitenzi cha kuweza au kutaka, una ruhusa ya kuchagua: "glielo posso portare" au "posso portarglielo". Mimi nilichagua ya pili nikaing'ang'ania, kwa kuwa hata sisi tunasema "naweza kumpelekea", tukimbandika mtu kwenye kitenzi cha pili. Kisichokubalika ni kuvichomeka katikati, "posso glielo portare", au kuvitenganisha, kimoja mbele na kingine nyuma. Vinatembea pamoja kama pacha.

Amri fupi zina tabia yake. "Da'" na "di'" zinaikaza konsonanti inayofuata: dammelo, nipe hicho, na dimmelo, niambie hilo. Kwa "glie" hakuna kukaza: daglielo, diglielo.

Kuna jambo ambalo sikulikuta kitabuni, nilicheka nalo mwenyewe baadaye. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi nami nilikuwa nasema "portaMElo", kama ningesema "mleTEni". Mpishi alikuwa akinitazama tu. Mkazo haubanduki pale ulipokuwa kabla ya mkia kuongezwa: POR-ta, kwa hiyo POR-tamelo. Silabi tatu zinateremka zenyewe baada ya hapo. Piga kofi kwenye POR halafu achia. Baada ya siku chache ulimi unakubali.

Na mgeni mzee usimwambie "dammelo" ukitaka pasipoti yake. Hilo ni la rafiki au mtoto. Kwa heshima viwakilishi vinarudi mbele hata kwenye amri: "me lo dia". Laini zaidi ni kuuliza: "me lo può dare?" Na yeye akikuomba taulo, "gli asciugamani", unamjibu "glieli porto subito", kwa kuwa "glie" hiyohiyo ni wewe wa heshima. Mwanzoni niliposikia wenzangu wakimwambia mgeni hivyo ana kwa ana nilidhani wanamsengenya mtu mwingine.

Kosa ninalolifanya hadi leo ni la upande wa pili, la kuzidisha. Kiswahili kinasema "funguo nilizompa", kitu na mtu ndani ya kitenzi kimoja, tena kitu kikitangulia. Basi juzi nikamwandikia bosi kikaratasi: "le chiavi che gliele ho date". Akakata "gliele" kwa kalamu nyekundu, akaandika "gli" juu yake, na "date" akaigeuza "dato". "Che" tayari ni zile funguo. Ukishaitaja, kilichobaki ni mtu tu.