Saa kumi alasiri, mguu ukiwa kwenye hogo

*"Habari zenu wanajukwaa. Tangu mwaka jana siwezi kukaa bila kufanya kitu. Nikitoka kazini nafua, napiga deki, napika vitafunwa vya kuuza, nalala saa saba usiku. Jumapili nikikosa cha kufanya moyo unaenda mbio na machozi yananitoka, wala sijui nalilia nini. Je, nipunguze kazi au niendelee tu mpaka ipite yenyewe?"*

Dada, pole sana. Mimi ni mwanaume wa miaka 43, niko Tanga, nauza vipuri vya pikipiki. Sikuwahi kuamua kutulia. Niliteleza bafuni nikavunjika kifundo cha mguu, nikafungwa hogo wiki sita. Nitakueleza nilichokikuta pale kitandani, labda kitakusaidia.

Miezi minane kabla ya hapo mama yangu alifariki. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo mambo yote yalipita mikononi mwangu: sanda, kaburi, turubai na viti vya kukodi, mchele wa hitma, daftari la rambirambi. Sikulia. Wazee wakasema mtoto wa marehemu amejikaza, nami nikaona ndivyo inavyotakiwa. Arobaini ilipokwisha na kazi za msiba zikaisha, nikajitafutia nyingine. Nilikubali kuwa mweka hazina wa kikoba, nikaanza kupaka rangi nyumba ambayo haikuhitaji rangi, na nikaanza kufuata mizigo mwenyewe ingawa nina kijana wa kuifuata. Mtaani msiba ukitokea, wa kwanza kufika ni mimi.

Nilipokuja kuzipanga kazi hizo, niligundua karibu zote niliziweka alasiri. Mama alikuwa na kawaida ya kunipigia simu kila siku baada ya swala ya alasiri, saa kumi na kitu, kuniuliza kama nimekula. Mimi sikujua kwamba naikimbia saa ile, lakini ratiba yangu ilijua. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, chukua wiki moja uangalie ni saa gani au siku gani unaijaza kwa nguvu zaidi kuliko nyingine, na zamani saa hiyo ilikuwa ya nani au ya nini.

Kitandani huzuni haikuja mwanzo. Siku mbili za kwanza zilikuwa za hasira tupu: chai haina sukari, watoto wana kelele, dukani wananiibia. Nilishika simu mpaka macho yakauma. Siku ya tatu umeme ulikatika, simu ikazima, na adhana ya alasiri ikanikuta nimelala chali naangalia dari. Hapo ndipo ilipokuja. Siku moja kabla mama hajaanguka, alinipigia nikamwambia, "Mama nina mteja, nitakupigia." Sikumpigia. Jambo hilo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Baada ya hapo nikafanya kosa ambalo naomba ulielewe vizuri, maana na wewe unaweza kulifanya. Nilidhani sasa nimekaa na majonzi yangu, kumbe nilikuwa nimeanzisha kazi nyingine kichwani. Ningepokea simu vizuri. Ningempeleka hospitali mapema. Ningemhamishia kwangu. Nilizunguka humo siku nne, usingizi ukapotea kabisa. Nilipokwenda kuangaliwa mguu, nesi akapima presha akaikuta juu, tukazungumza, akanielekeza kwa mshauri nasaha.

Mshauri yule alinipa jambo dogo sana. Kila siku saa kumi niweke simu chumba kingine, nikae dakika kumi, na kwenye daftari niandike ninachokisikia kiko wapi mwilini na uzito wake kutoka sifuri hadi kumi, mwanzo na mwisho. Siku ya kwanza niliandika koo, nane. Mwisho nane vilevile. Alipoona akaniuliza zile dakika kumi nilikuwa nafanya nini. Nikamwambia nawaza ile simu. Akasema huko ni kupiga hesabu, bado hujaomboleza. Kila sentensi inayoanza na "ninge" nisibishane nayo wala nisiifukuze. Nijiambie kimoyomoyo "hesabu hiyo", kisha nirudi kwenye koo: limebana kiasi gani, linapanda au linashuka.

Siku ya nne ya kufanya hivyo uzito ulifika tisa. Kifua kikabana, nikataka kuinuka hata kwa magongo. Nikabaki. Nikalia kama mtoto, mke wangu akaja akakaa pembeni bila kusema neno. Daftari linaonyesha mwisho ilikuwa nne. Haikuendelea kushuka moja kwa moja, wiki iliyofuata ilirudi nane kwa sababu simu ya jirani ililia kwa mlio kama wa kwangu. Lakini hogo lilipotolewa siku nyingi zilikuwa tatu au nne.

Mshauri alinieleza sababu yake hivi. Ukikimbilia kazi, unapata nafuu papo hapo, na mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kesho yake mwili unapiga kengele mapema zaidi. Ukibaki mpaka hisia ipande na kushuka yenyewe, mwili unajifunza kitu kingine. Nadhani ndiyo maana moyo wako unaenda mbio Jumapili hata kabla hujajua unalilia nini.

Kuhusu swali lako la kupunguza kazi, mimi ningesema usiziache zote. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: muda fulani yuko na aliyempoteza, muda mwingine yuko na maisha yanayoendelea, na pande zote mbili zina kazi yake. Kwa hiyo deki na vitafunwa siyo adui. Shida yangu ilikuwa kwamba nilibaki upande mmoja miezi minane. Hukusema kama umefiwa, umeachwa au ni jambo jingine, na huna haja ya kulitaja hapa.

Usifanye zoezi hili peke yako kama kinachokuja ukitulia ni tukio la kutisha unaloliona kama linatokea tena, mfano kupigwa, kubakwa au ajali. Hapo nenda kwanza kwa mtaalamu. Na kama huna nguvu ya kuinuka kitandani, chakula hakipiti na kila kitu kimekosa ladha, hiyo inaweza kuwa sonona, na mwenye sonona mara nyingi husaidiwa kwa kurudishiwa shughuli kidogokidogo, siyo kwa kukalishwa kimya. Mawazo ya kujidhuru yakija, usisubiri Jumatatu, mwambie mtu wa karibu siku hiyohiyo akupeleke hospitali. Pia pima presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu moyo kwenda mbio huweza kutoka huko.

Kama hayo hayapo, anza Jumapili hii. Dakika kumi kabla hujagusa ndoo ya nguo, simu chumba kingine, daftari mkononi. Ukikuta umeanza kupanga unga wa vitafunwa vya kesho, ujue umeanza hesabu, rudi kwenye kifua. Na kama kuna mtu unayemwamini ndani ya nyumba, mwambie tu kwamba utakuwa umekaa, ili asije kukutuma dukani.