Faida yote iko baada ya mtaji kurudi

Swali: Mimi ni mhasibu wa kiwanda cha vifungashio. Tunachagua kati ya mashine mbili, kila moja inauzwa milioni 120. Ya kwanza itaingiza milioni 60, 40, 20 na 10 kwa miaka minne, kisha basi. Ya pili itaingiza milioni 30 kila mwaka kwa miaka mitatu, halafu milioni 40 kila mwaka hadi mwaka wa nane. Gharama yetu ya mtaji ni asilimia 12. Sera ya kampuni inataka mtaji urudi ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo mkurugenzi anataka ya kwanza. Anasema mapato ya mbali ni ya kubahatisha. Naona kuna kosa lakini nakosa hoja ya kumwonyesha. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na kujumlisha tu, kabla hujagusa ile asilimia 12. Mashine ya kwanza inamaliza kurudisha milioni 120 mwisho wa mwaka wa tatu, bila ziada yoyote. Baada ya hapo inatoa milioni 10 mara moja na kazi yake imekwisha. Ya pili, kufikia mwisho wa mwaka wa tatu, imerudisha milioni 90. Milioni 30 zinazobaki ni robo tatu ya mapato ya mwaka wa nne, kwa hiyo, fedha zikiingia kwa mfululizo ndani ya mwaka, mtaji unarudi baada ya miaka mitatu na miezi tisa. Kisha inaingiza milioni 170 nyingine. Sera yenu imeikataa kwa sababu ya miezi tisa. Milioni 10 za upande mmoja na milioni 170 za upande wa pili hazikuingia kwenye hesabu kabisa.

Mwombe mkurugenzi afanye jaribio moja. Abadilishe mapato ya mwaka wa nane ya mashine ya pili, aandike milioni 400 badala ya 40, kisha atafute tena muda wa kurudisha mtaji. Atapata miaka mitatu na miezi tisa. Sasa aifute miaka yote kuanzia wa tano, kana kwamba mashine imeharibika mwisho wa mwaka wa nne. Atapata jibu lile lile. Mradi wa kutajirisha na mradi wa kuambulia milioni 10 vinapata alama moja, kwa kuwa kipimo hiki huacha kutazama mara tu deni la mtaji linapofika sifuri.

Wengi hukubali hapo, lakini huuchukulia udhaifu huu kama kasoro ndogo ya pembeni. Mimi naona ni mzito kuliko hivyo. Siku mtaji unapomaliza kurudi, mmepata faida kiasi gani? Hakuna. Mmerudishiwa kilichokuwa chenu. Kila kinachoweza kuitwa faida ya mradi kinaingia baada ya siku hiyo. Kwa hiyo kipimo hiki kinatupa sehemu ile ile iliyowafanya muwekeze.

Sasa ingiza ile asilimia 12. Fedha za mwaka wa kwanza zigawe kwa 1.12, za mwaka wa pili zigawe mara mbili kwa 1.12, na kuendelea hivyo, ili zote zisomeke kwa thamani ya leo. Mashine ya kwanza inakupa jumla ya milioni 106 hivi. Toa bei ya milioni 120, unabaki na upungufu wa karibu milioni 14. Hii ndiyo mashine iliyofaulu mtihani wa sera. Imerudisha mtaji, lakini haijalipa gharama ya kuutumia mtaji huo, na milioni 10 za mwaka wa nne hazitoshi kuziba pengo. Ya pili inakupa milioni 174.7. Toa bei ya milioni 120, unabaki na thamani halisi ya sasa ya milioni 54.7. Asije mtu akasema mashine ya miaka minne hailinganishwi na ya miaka minane. Ukinunua ya kwanza tena mwaka wa nne kwa masharti yale yale, unaurudia upungufu mara ya pili.

Kama unafanya hesabu kwenye lahajedwali, weka -120 kwenye kisanduku B2 na mapato ya miaka minane kwenye B3 hadi B10, kisha andika:

```
=NPV(0.12,B3:B10)+B2
```

Bei ya ununuzi inakaa nje ya mabano kwa makusudi. Fomula hii huhesabu kisanduku cha kwanza kilichomo ndani kama fedha za mwisho wa mwaka wa kwanza, wakati bei mnailipa leo. Ukiona 48.8 badala ya 54.7, ujue umeiingiza B2 ndani ya mabano. Hakikisha pia kwamba mapato uliyonipa ni fedha taslimu zinazoingia baada ya gharama za uendeshaji na kodi. Uchakavu usiukate, kwa sababu bei ya mashine mmeshaihesabu nzima mwanzoni.

Huenda mtu mwingine ofisini akapendekeza suluhu ya katikati: kutafuta muda wa kurudisha mtaji kwa kutumia mapato yaliyokwisha kupunguzwa kwa asilimia 12. Ni hatua nzuri. Kwa kipimo hicho mashine ya kwanza haifiki kamwe, na ya pili inafika karibu kabisa na mwisho wa mwaka wa tano. Lakini hata hapo miaka ya sita, ya saba na ya nane haionekani, na thamani ya sasa ya miaka hiyo mitatu ni milioni 54.5. Linganisha na 54.7 ya hapo juu. Tofauti hiyo ndogo ni kipande cha mwisho cha mwaka wa tano kilichobaki baada ya mtaji kutimia. Haikutokea kwa bahati. Ukishapunguza thamani kwa gharama ya mtaji, na kama mapato ya baadaye hayageuki kuwa hasi, thamani halisi ya sasa ya mradi ni jumla ya kile tu kinachokuja baada ya siku ya kurudi kwa mtaji.

Tuje kwenye hoja ya mkurugenzi, maana haina upuuzi. Kweli, makadirio ya mwaka wa saba hayategemeki kama ya mwaka wa kwanza. Ila kuyafanya sifuri si tahadhari. Ni makadirio pia, tena yaliyo mbali zaidi na ukweli kuliko yako. Badala ya kubishana kama milioni 40 ni sahihi, muulize zishuke kiasi gani ndipo mradi uache kulipa. Miaka mitatu ya mwanzo ina thamani ya leo ya milioni 72, kwa hiyo miaka mitano inayofuata inatakiwa kuleta milioni 48 tu. Hizo zinapatikana kwa mapato ya takriban milioni 19 kwa mwaka. Maana yake, kuanzia mwaka wa nne mapato yanaweza kupungua zaidi ya nusu na mashine ya pili bado ikalipa gharama ya mtaji. Au uliza kwa upande wa umri: mapato yakibaki milioni 40, mashine ikidumu miaka mitano tu badala ya minane, hakuna hasara. Hapo mjadala unahamia kwa fundi na mtu wa masoko. Je, mashine hii itafanya kazi mwaka wa sita? Wateja watakuwepo? Maswali hayo yana watu wa kuyajibu.

Upofu huu unaumiza kwa upande mwingine pia, na hili halisemwi mara nyingi. Yapo mambo yanayotokea mwishoni mwa mradi tu: kuuza mashine kama chuma chakavu, kurudishiwa fedha zilizofungwa kwenye malighafi na kwa wadaiwa, au kulipia ubomoaji na usafishaji wa eneo. Machimbo ya kokoto yanaweza kurudisha mtaji kwa miaka miwili, kisha mwaka wa kumi yakadai gharama kubwa ya kufukia mashimo na kurekebisha ardhi. Kwa kipimo cha muda wa kurudisha mtaji, mradi huo ni bora kupita mashine zenu zote mbili. Basi angalia kama mashine ya pili inahitaji matengenezo makubwa katikati ya maisha yake. Ikitakiwa kubadilishiwa injini mwaka wa sita kwa milioni 60, thamani ya leo ya gharama hiyo ni karibu milioni 30, na faida ya 54.7 inashuka hadi 24 hivi. Bado inafaa. Lakini ni lazima mlijue hilo kabla ya kusaini, na sera yenu haiwezi kuwaonyesha.

Kuna hali moja ambayo ningemsikiliza mkurugenzi kwa makini. Muulize kile kikomo cha miaka mitatu kilitoka wapi. Mara nyingi jibu ni kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hapo hakuna cha kukitetea. Lakini kama mashine inanunuliwa kwa mkopo unaotakiwa kulipwa wote ndani ya miaka mitatu, hofu yake ina mashiko. Mashine ya pili itakuwa imeingiza milioni 90, na milioni 30 za mkopo wenyewe, mbali na riba, zitatakiwa kutoka kwenye shughuli nyingine za kiwanda. Kampuni inaweza kuishiwa fedha za kulipa ikiwa imeshika mradi wenye faida. Muda wa kurudisha mtaji unalijibu vizuri swali hilo moja, la fedha zetu zitakaa nje kwa muda gani.

Tatizo la namna hiyo hutatuliwa upande wa mkopo. Kabla hamjaikataa mashine ya pili, ombeni mkopo wa miaka mitano, au rejesho dogo katika miaka mitatu ya mwanzo na kubwa baadaye, lifuate umbo la mapato yake. Andaa ratiba ya fedha ya mwezi kwa mwezi kwa miaka mitano, uonyeshe salio la chini kabisa litakuwa kiasi gani na litatokea lini. Ratiba hiyo iende kwa mkurugenzi pamoja na hesabu ya thamani halisi ya sasa, kila moja kwenye ukurasa wake, maana zinajibu maswali mawili tofauti.