Usisaini hiyo fomu ya kliaransi uiache

"Wakuu, nimeacha kazi kwa barua, notisi nimeimaliza ijumaa. Afisa utumishi anasema bila fomu ya kliaransi kujaa saini zote hakuna mshahara wa mwisho, na mtunza stoo yuko likizo. Kaniambia nisaini tu sehemu yangu niiache, watamalizia wenyewe. Je ni halali kunizuilia?"

Simama hapohapo, peni weka chini. Hiyo "saini uiache watamalizia" ndo iliyonila mimi mshahara mzima pamoja na hela ya likizo.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye chuo kimoja binafsi Morogoro, laki nane kwa mwezi. Siku ya mwisho nikabeba laptopu, funguo za maabara na projekta nikapeleka stoo. Mtunza stoo nimekula naye wali maharage miaka mitatu, akasema "weka hapo kaka ntaandika kesho", nikaweka, nikamshukuru na soda nikamnunulia, mjinga mimi. Nikapanda kwa afisa utumishi nikasaini sehemu yangu, boksi la stoo likiwa tupu. Kesho yake jamaa akaondoka kwenda msibani kwao, wiki mbili, aliyekaimu akafungua leja akakuta laptopu ipo, funguo zipo, projekta hakuna.

Sasa kumbe chini ya fomu, maandishi ya sisimizi, kuna mstari: "nakubali kukatwa thamani ya mali yoyote itakayobainika haijarudishwa." Saini yangu ipo palepale, nzuri kabisa, nilikuwa hata nimeipamba kamkia. Wakajaza projekta 1, milioni moja na laki sita, bei ya mpya dukani wakati ile ilikuwa na miaka minne na taa yake ilishaanza kuwa ya njano. Wakachukua laki nane ya mshahara na laki nne ya likizo halafu wakaniandikia barua kwamba bado nadaiwa laki nne. Nimeenda kudai nikarudi nadaiwa.

Kwa Tanzania ipo hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haisemi popote kwamba fomu ya kliaransi ndo sharti la kulipwa siku ulizofanya kazi na likizo ambayo hukuichukua, hiyo ni taratibu ya ofisi yao. Mali zao una wajibu wa kurudisha, hilo usibishe, na kama ungegoma kufanya kazi siku za notisi wangeweza kukata hela ya siku hizo. Lakini kukukata kwa sababu ya deni lazima iwe sheria inataka au inaruhusu, au amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi, au WEWE umekubali kwa maandishi. Unaona hicho cha mwisho? Ndo kazi ya ule mstari wa chini.

Na hata ukikubali, kwenye hasara lazima iwe ni kosa lako, wakuandikie chanzo, kiasi na wamekipigaje hesabu, wakupe nafasi ya kupinga, wasizidishe hasara halisi, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Robo ya laki nane ni laki mbili. Mimi wamebeba milioni moja na laki mbili na hawajaniuliza hata swali.

Kwa hiyo kesi nilikuwa nayo, tena nzuri. Aliyeniua ni mjuaji mmoja tuliyekuwa naye idara moja, "usiwashtaki watakuharibia jina, we kuwa mpole watakulipa." Nikawa mpole, kila wiki "njoo jumatatu", mpaka miezi minne inakaribia ndo nafika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, naambiwa madai ya mshahara ni ndani ya siku 60, niombe kwanza kusamehewa kuchelewa kwa sababu za msingi. Sababu yangu ilikuwa njoo jumatatu. Haikutosha. Yule mjuaji leo ndo amekalia kiti changu, na mahafali ya mwaka uliofuata niliona video yao wasap, projekta ileile ukutani na ule unjano wake.

Wewe fanya hivi leo. Andika orodha ya kila kitu na siriali namba, nakala mbili, mtu yeyote anayekaimu stoo aandike "nimepokea", jina, saini, tarehe, moja ubaki nayo. Hakuna anayekaimu? Tuma imeili kwa afisa utumishi na bosi wako, ambatisha orodha na picha, waulize nimkabidhi nani, na kitu usikiache mezani kwa mtu hata awe shemeji yako. Fomu ukifika, mstari wa makato au wa "nimelipwa stahiki zangu zote" ukate kwa peni ndo usaini, wakikataa isaini siku hela imeingia. Na kwenye kalenda ya simu weka alama siku ya 45 kuanzia tarehe ya mshahara iliyopita bila kulipwa, ikilia hujalipwa nenda CMA uchukue fomu namba moja, usimpigie mtu kuomba ushauri.