Re: Cheti cha chanjo ya mbwa, Nairobi kwenda Ujerumani

"Picha ya cheti hiyo hapo. Chanjo ya kichaa cha mbwa 10/3/2025, chipu 14/3/2025, stika inasema 11/2026. Tunasafiri Julai. Niko sawa?"

Habari ndugu. Hapana, na tatizo ni zile siku nne. Umoja wa Ulaya unataka chipu iwekwe kabla ya chanjo au siku ileile. Sindano ikitangulia chipu, chanjo hiyo haihesabiwi. Paka wangu alikwamia hapohapo. Hiyo 11/2026 nayo ni mwisho wa matumizi ya chupa ya dawa, si mwisho wa kinga. Tafuta mstari wa "Valid until".

Daktari asome kwanza chipu, alinganishe tarakimu 15 na cheti, ndipo achanje upya. Tuseme anachanja 20/5. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zenye masharti mepesi, kwa hiyo lazima damu ipimwe kingamwili. Itolewe kuanzia 19/6, yaani siku 30 baada ya chanjo, na ipelekwe maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo. Majibu yawe angalau 0.5 IU kwa mililita. Kisha unasubiri miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu, si siku ya majibu. Kwa hiyo ni 19/9, Julai isahau.

Usikate tiketi mapema. Cheti cha afya cha daktari wa serikali kinatolewa mwishoni kabisa, maana ukifika Ulaya kisiwe kimepita siku 10.