Babu anasikia sauti, lakini maneno hayashiki

"Namrekodia babu habari za ukoo. Anasema sauti anaisikia ila maneno hayaelewi. Nikiongeza sauti, inamuumiza. Nifanyeje?"

Ndugu, usiguse tena sauti ya jumla. Uzee huanza kwa kuiba masafa ya juu, yaani sauti nyembamba, na huko ndiko ziliko s, f, t na k. Irabu ziko chini, na hizo bado anazipata. Ukiongeza kila kitu, unaongeza ngurumo tu.

Anza na ikwalaiza, yaani kidhibiti cha kupandisha au kushusha kila masafa peke yake. Kata vyote vilivyo chini ya hezi 100, punguza desibeli 3 hivi kwenye hezi 250, kisha pandisha kilima kipana cha desibeli 4 hadi 6 kati ya hezi 2,000 na 4,000. Kipana, tafadhali, kilima chembamba hufanya sauti ilie kama bati. "S" zikianza kuchoma, shusha kilima hicho desibeli 2.

Baada ya hapo weka kompresa, inayobana sauti kubwa zikaribiane na ndogo, kwa upole: uwiano wa 2 kwa 1, ianze kubana baada ya milisekunde 10 na kuachia baada ya 200. Shusha kizingiti, yaani kiwango cha sauti ambacho ikikizidi kompresa huanza kubana, hadi maneno ya nguvu yapungue desibeli 4 au 5. Ukisikia kelele za chumba zikivimba kila unapovuta pumzi, umebana mno.

Mjaribu kwa majina asiyoyategemea: "Saida" na "Faida". Akiyachanganya, ongeza kidogo kwenye 3,000.

Usikivu ukipotea ghafla, hasa sikio moja, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.