Hela imekatwa, na faini juu: paking ya barabarani na ushahidi wa kulipa

Nataka niongelee kitu kimoja tu kuhusu paking za kulipia za pembeni mwa barabara, maana mimi kilinigharimu wiki sita za kuandikiana barua na watu, na naona wengi bado wanafanya vilevile nilivyokuwa nafanya. Kitu chenyewe ni hiki, meseji ya kwamba hela imetoka kwenye simu yako sio ushahidi kwamba umelipia paking. Ni ushahidi kwamba hela imetoka, basi. Mkaguzi anayepita barabarani haoni salio lako wala meseji zako, anaona namba ya gari tu.

Ngoja nieleze kazi yake ilivyo, ukishaielewa mengine yote yanakaa sawa. Sehemu ambazo malipo yanafanyika kwa simu, mkaguzi anatembea na kimashine cha mkononi au simu ya kazi. Anaingiza namba ya gari yako au anaipiga picha, kile kimashine kinauliza kwenye mfumo: hii namba, kwenye eneo hili, kwa saa hii, imelipiwa? Jibu ni ndiyo au hapana. Ikija hapana anaangalia kioo cha mbele kama kuna tiketi ya karatasi (huko wanakotumia karatasi), asipoiona anaandika faini na anapiga picha gari, namba, kioo na mara nyingi kibao cha pembeni. Kwahiyo ili uwe salama vitu vitatu lazima vikubaliane, namba ya gari, namba ya eneo na muda. Hela kutoka hakumo kwenye hivyo vitatu, na hapo ndipo watu wengi tunapoumia.

Kisa changu sasa. Nilipaki asubuhi, nikasoma kibao, nikafungua apu nikaweka namba ya eneo, nikachagua masaa mawili nikabonyeza kulipa. Ilikuwa 10:04. Saa 10:05 ikaingia meseji ya huduma ya pesa kwamba kiasi kimetoka, kimeenda kwa mpokeaji fulani, namba ya muamala hii hapa. Netiweki ilikuwa inasuasua, apu ikabaki inazunguka tu, mimi nikaona si hela imeshatoka, nikaweka simu mfukoni nikaenda zangu. Narudi 11:20 nakuta karatasi kwenye waipa, faini, imeandikwa 10:31. Nikafungua apu kwa hasira nikakuta kweli paking ipo, ila imeanza 10:47. Yaani hela ilitoka kwangu saa 10:05 ikakaa katikati huko zaidi ya dakika arobaini, mfumo wa paking ukaipata 10:47 ndio ukaniandikia nimelipa. Mkaguzi alivyopita 10:31 kimashine chake kilimwambia hapana, na kwa wakati ule kilikuwa kinasema kweli. Yule bwana hakunionea, nasema hivi kwa sababu wengi tunakimbilia kugombana na mkaguzi wakati tatizo liko kwenye njia ya malipo, na isitoshe sehemu nyingi akishatoa faini hana uwezo wa kuifuta palepale hata akitaka.

Kwahiyo meseji zipo mbili, zizoee. Ya kwanza inatoka kwenye huduma ya pesa au benki, inasema kiasi, mpokeaji na namba ya muamala, haina namba ya gari. Ya pili inatoka kwenye mfumo wa paking wenyewe, kwa meseji au ndani ya apu, hii ndiyo inataja namba ya gari, eneo, saa ya kuanza na saa ya kuisha. Usiondoke kwenye gari mpaka umeiona ya pili. Isipokuja ndani ya dakika mbili tatu fungua sehemu ya historia kwenye apu uangalie kama paking yako inaonekana inaendelea. Haipo? Piga skrinishoti hapohapo ya hiyo apu inayozunguka pamoja na meseji ya hela, hakikisha saa ya juu ya simu inaonekana, halafu tafuta njia nyingine ya kulipa, mashine au wakala aliyepo. Najua inauma kulipa mara mbili lakini hela iliyokwama unaweza kuidai kwa namba ya muamala, na mara nyingi inarudi yenyewe, kuliko faini ambayo huwa ni mara kadhaa ya bei ya paking na ukiipuuza inaongezeka, au gari inafungwa gurudumu kabisa.

Na hiyo meseji ya pili isome, usiangalie tu kwamba imefika. Kosa ambalo nimeliona kwa watu wangu wa karibu mara nyingi kuliko yote ni namba ya gari. Apu inakumbuka gari uliyolipia mara ya mwisho, leo umekuja na gari ya mkeo au ya kaka yako, unabonyeza haraka, umelipia gari iliyolala nyumbani. Lingine ni herufi O na sifuri, au herufi I na moja, kwenye kioo cha simu juani zinafanana kabisa lakini kwa mfumo ni gari mbili tofauti. Namba ya eneo nayo usiikariri kwa mazoea, isome kwenye kibao kilicho karibu zaidi na gari yako, maana kuna barabara upande wa kulia ni eneo moja na wa kushoto ni lingine, bei tofauti na muda wa juu wa kukaa tofauti.

Kwa mashine za tiketi ya karatasi mambo ni mepesi kidogo ila yana visa vyake. Tiketi inawekwa kwenye dashibodi maandishi yakitazama juu, saa ya kuisha isomeke kutoka nje. Unaiweka vizuri, unafunga mlango kwa nguvu, upepo wa mlango unaigeuza au unaiangusha chini ya kiti na wewe umeshageuka unaenda. Funga mlango kwanza halafu chungulia kwa nje, ndio uondoke. Na angalia saa iliyochapwa, kinachohesabiwa ni saa ya kwenye tiketi sio ya mkononi mwako. Halafu zile karatasi hazina wino, zinachapwa kwa joto, kwahiyo jua la kwenye dashibodi linaweza kuiharibu, maandishi yanafifia au karatasi nzima inakuwa nyeusi. Ndio maana mimi nikishaitoa tu kwenye mashine naipiga picha kabla sijaiweka. Na ukimpa mtu hela mkononi bila kupewa risiti yenye namba ya gari yako, hesabu kwamba hujalipa, hata kama kavaa koti la kazi.

Kingine kwa haraka, zile stika za msimbo wa QR kwenye mashine na vibao. Matapeli wanabandika zao juu ya zile za kweli, unaskani unapelekwa kwenye ukurasa unaofanana, unalipa, hela imeenda kwa tapeli na gari bado haijalipiwa. Fungua apu mwenyewe au andika anwani iliyochapwa kwenye kibao chenyewe.

Sasa turudi kwenye faini yangu, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kwanza sikuilipa. Soma nyuma ya ile karatasi kabla hujafanya lolote, sehemu nyingi ukilipa faini unahesabiwa umekubali kosa na pingamizi limekufa, na pia kuna siku za mwisho za kupinga, zimeandikwa hapohapo. Nikapeleka pingamizi na skrinishoti ya meseji ya hela peke yake, nikaandika maneno mengi ya kulalamika. Wakakataa, na sababu waliyotoa ilikuwa moja, ushahidi hauonyeshi gari. Kweli hauonyeshi. Ile meseji ingeweza kuwa ya paking ya mtu yeyote.

Mara ya pili nikatulia. Nikachukua taarifa ya miamala kutoka kwenye huduma ya pesa, ile rasmi ya kupakua sio skrinishoti, inaonyesha muamala wa 10:05 na namba yake. Nikachukua risiti ya paking kutoka kwenye historia ya apu, ina namba ya gari, eneo, imeanza 10:47, na chini kabisa imetaja namba ya muamala ileile. Hiyo namba ndiyo iliyobeba kesi nzima, kwa sababu inaunganisha karatasi mbili: hela iliyotoka 10:05 ndiyo hiyohiyo iliyolipia gari hii, ila imechelewa kufika. Barua yenyewe ikawa fupi hivi:

"Napinga faini namba (namba yake) iliyoandikwa saa 10:31 kwa gari namba (namba yake). Nililipia eneo hilo saa 10:05, kabla ya faini, kama taarifa ya miamala inavyoonyesha. Mfumo wenu uliandikisha malipo hayohayo saa 10:47, kama risiti inavyoonyesha. Namba ya muamala ni moja kwenye nyaraka zote mbili. Naomba faini ifutwe."

Ona nimeandika saa jinsi zilivyo kwenye karatasi zao, 10:31, sikuandika saa nne na nusu. Fanya hivyo, ukichanganya saa yetu na yao kwenye barua moja anayesoma anaweza kuona masaa sita ya tofauti ambayo hayapo, na hatakupigia simu kukuuliza. Majibu yalirudi baada ya kama wiki mbili, faini imefutwa.

Ingekuwa kosa ni langu, mfano nimekosea herufi moja ya namba ya gari, barua ingekuwa tofauti kidogo. Hapo unakubali kosa, unaonyesha malipo yapo kwa muda ule na eneo lile, na unaambatanisha kadi ya gari ili waone namba halisi inatofautiana herufi moja tu. Wapo wanaofuta, wapo wanaopunguza, wapo wanaokataa, ila bila hizo karatasi hawana hata cha kufikiria.

Siku hizi kwenye simu nina folda ya paking tu. Kila nikipaki naweka picha mbili, ya kwanza gari na kibao vikionekana pamoja, ya pili ule uthibitisho wenye namba ya gari. Sifuti siku hiyohiyo, nakaa nazo mwaka mzima, kwa sababu kuna faini zinakuja kwa meseji au barua miezi baadaye, wakati tiketi ya karatasi imeshafifia na apu nyingine zimeshaficha historia ya zamani. Na nikibadilisha simu hiyo folda ndiyo naanza kuihamisha.